Weusi Usiofuta: Kuondoa Majina na Namba za Akaunti Ndani ya PDF

Mstatili mweusi uliochorwa juu ya jina katika faili la PDF hauliondoi jina hilo. Unaliziba tu lisionekane. Anayelifungua faili anaweza kuburuta kipanya juu ya sehemu nyeusi, akanakili kilicho chini yake, akakibandika kwenye ukurasa mtupu wa programu ya kuandikia, na jina likatokea lote, herufi kwa herufi. Namba ya akaunti, ya simu au ya kitambulisho hutokea vivyo hivyo. Kosa hili huwapata hata watu makini, kwa sababu chanzo chake ni jinsi PDF ilivyoundwa, na muundo huo hauonekani kwenye skrini.

Karatasi ikipakwa wino mzito kisha ikatolewa fotokopi, kinachohamia kwenye nakala ni doa jeusi basi. PDF haifanyi kazi hivyo. Kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1993 ili waraka uonekane vilevile kwenye kompyuta yoyote na utoke vilevile kwenye printa yoyote, na njia iliyotumika ilikuwa kuuandika kila ukurasa kama mfululizo wa maagizo: andika maneno haya mahali hapa, chora mstari pale, weka picha kule. Programu ya kusomea huyafuata maagizo hayo moja baada ya jingine, na kinachochorwa baadaye hukaa juu ya kilichotangulia. Agizo la kwanza halifutwi na la pili. Mstatili mweusi ni kawa juu ya chakula: macho hayakioni, lakini chakula kipo palepale, na anayetaka kukipata hana haja hata ya kulifunua kawa, kwa kuwa kompyuta humsomea maagizo yote bila kujali lipi limefunikwa na lipi.

Kipande kidogo cha ukurasa wa PDF, kikishafumuliwa ili mtu akisome, huwa na sura kama hii:

```
BT
/F1 10 Tf
72 640 Td
(1234509876) Tj
ET
0 0 0 rg
70 636 70 14 re
f
```

Mistari mitano ya mwanzo inaagiza maandishi: fonti ya ukubwa wa 10, sehemu ya kuanzia kupimwa kutoka kona ya chini kushoto ya ukurasa, kisha namba yenyewe ndani ya mabano. Mitatu inayofuata inachagua rangi nyeusi, inataja mahali na ukubwa wa mstatili, halafu inaujaza rangi. Skrini itaonyesha mstatili tu. Lakini namba 1234509876 imo ndani ya faili, nzima, na programu yoyote inayotoa maandishi kwenye PDF itaitoa. Wakati mwingine mstatili hauingii hata ndani ya maagizo ya ukurasa. Programu nyingi za simu na za kompyuta huuweka kando kama alama ya maoni, sawa na kijibarua cha manjano ambacho msomaji hubandika pembeni. Huo mtu anaweza kuubofya na kuufuta kwa kitufe cha Delete, na maandishi yakabaki wazi bila hata haja ya kunakili.

Kosa hili limewahi kuwatokea mawakili wa kesi iliyofuatiliwa duniani kote. Tarehe 8 Januari 2019, mawakili wa Paul Manafort, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani huko Washington waraka wa PDF wenye mistari kadhaa iliyozibwa kwa weusi. Waandishi wa habari walinakili sehemu nyeusi, wakazibandika kwingine, na siku hiyohiyo ikajulikana kilichokuwa chini yake: waendesha mashtaka walikuwa wakimtuhumu Manafort kwamba alimdanganya mchunguzi kuhusu kumpa mshirika wake, Konstantin Kilimnik, takwimu za kura za maoni za kampeni ya mwaka 2016. Hakuna aliyevunja nywila wala kudukua kompyuta ya mtu. Waraka ulibadilishwa na mwingine, ila yaliyokwisha kusomwa hayakuweza kurudishwa.

Kufuta kikwelikweli ni kuliondoa lile agizo lenye maandishi, kisha kuchora mstatili mweusi mahali palipobaki wazi ili msomaji ajue kwamba hapo paliondolewa kitu. Viwango rasmi vya PDF vina utaratibu maalumu wa kazi hii, na una hatua mbili. Ya kwanza ni kuweka alama: mtumiaji anachagua sehemu anazotaka ziondoke, na programu inazizungushia fremu. Katika hatua hii hakuna kilichofutwa, na ndivyo inavyotakiwa, maana anayefanya kazi anahitaji nafasi ya kupitia upya na kujisahihisha. Hatua ya pili ni kutekeleza: programu inayatoa maandishi, inakata vipande vya picha vilivyoguswa na fremu, halafu inaweka weusi. Katika Adobe Acrobat Pro chombo hicho kinaitwa Redact, na kitufe cha hatua ya pili ni Apply. Wengi huishia hatua ya kwanza. Wanaona fremu zimekaa sawasawa, wanahifadhi faili, wanalituma, na aliyelipokea anazisogeza fremu pembeni na kusoma kila kitu.

Jambo la kushika kabla ya lolote ni kwamba programu ya bure ya kusomea, Acrobat Reader, haina chombo hicho. Ina kalamu, ina maumbo, ina alama za kuangazia maandishi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofuta. Hali ni hiyo kwa vihariri vingi vya PDF vya kwenye simu. Kama programu haina agizo la kufuta lililo tofauti na agizo la kuchora, basi inachora tu.

Kazi yenyewe huonekana vizuri zaidi kwa mfano. Tuseme katibu wa chama cha akiba na mikopo ametakiwa kumpa mfadhili taarifa ya benki ya miezi mitatu, yenye kurasa nne, ili mfadhili aone mzunguko wa fedha. Mfadhili anahitaji tarehe, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka na salio. Hahitaji kujua ni mwanachama gani aliyerejesha mkopo lini. Kwa hiyo majina ya wanachama na namba zao za akaunti yanapaswa kutoka, na ya namba ya akaunti ya chama yabaki tarakimu chache za mwisho ili taarifa iweze kutambulika.

Kinachochukua muda mrefu kuliko vyote ni kusoma, na hakuna programu inayoweza kumfanyia mtu kazi hiyo. Jina la mwanachama halikai kwenye safu moja tu. Liko katika maelezo ya muamala, ambako benki huandika mambo kama TRF FRM 1234509876 ALI OMARI, mara nyingine likiwa limekatwa katikati kwa sababu nafasi ya safu haikutosha, na nusu ya pili ikashuka mstari wa chini. Namba ya simu ya aliyetuma kwa mtandao wa simu huwa imo humohumo. Namba ya akaunti hujirudia ndani ya namba ya kumbukumbu ya muamala, ikiwa imeshikana na tarehe bila nafasi hata moja. Kichwani mwa ukurasa kuna jina la chama, anwani na mara nyingi jina la mtu anayepokea barua. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo jicho huzipita, namba ya akaunti huandikwa tena kwenye kila ukurasa. Taarifa nyingine zina pia msimbo wa miraba, ule unaosomwa kwa kamera ya simu, na ndani yake inaweza kuwamo namba ileile. Kuuacha msimbo huo wazi na kuziba namba iliyo pembeni yake ni kuacha namba wazi.

Kutegemea kitafutio peke yake hakutoshi. Mtu akiandika 1234509876, kitafutio hakitaiona namba iliyochapwa kwa vikundi, 1234 509 876, wala iliyokatwa mwisho wa mstari. Jina Omari halitapatikana pale benki ilipoandika OMAR. Ndiyo maana kitafutio kinafaa kutumika mara mbili: mwanzoni kwa kuharakisha uwekaji wa alama, na mwishoni kwa kuhakiki. Kati ya hapo macho yapite kwenye kila mstari, yakisaidiwa na orodha ya wanachama iliyowekwa pembeni.

Katibu asiye na Acrobat Pro anaweza kutumia LibreOffice, ambayo haina malipo. Anatengeneza kwanza nakala ya faili na kuifanyia kazi hiyo, huku faili la asili likibaki lilivyo kwenye folda nyingine. Kama benki ilituma taarifa ikiwa imefungwa kwa nywila, ataiingiza wakati wa kulifungua. Anafungua nakala ndani ya LibreOffice Draw, kisha kwenye menyu ya Tools anachagua Redact. Programu inatengeneza waraka mpya ambamo kurasa zimegeuzwa kuwa michoro, na upau mdogo wa zana unatokea. Kwa zana ya mstatili anaziba sehemu moja baada ya nyingine. Mistatili hiyo huonekana ya kijivu inayopitisha mwanga, jambo linalowatia watu wasiwasi, lakini limekusudiwa: aliyeko kazini anatakiwa aendelee kuona anachokiziba. Akimaliza haendi kwenye agizo la kawaida la kuhifadhi. Anatumia kitufe cha Redacted Export kilicho kwenye upau uleule, na anachagua weusi au weupe. Faili linalotoka lina kurasa zilizogeuzwa kuwa picha tupu, mistatili imekuwa rangi kamili, na hakuna herufi hata moja inayoweza kuchaguliwa kwa kipanya.

LibreOffice inapoifungua PDF huweza kuvuruga mpangilio kidogo, hasa pale ambapo fonti ya benki haimo kwenye kompyuta. Safu husogea, na maneno yaliyokuwa nje ya mstatili huingia ndani au yaliyokuwa ndani hutoka. Kurasa zote zitazamwe kwa ukubwa wa kutosha kabla ya kutoa faili la mwisho.

Njia nyingine hufikia mwisho uleule kwa uhakika mkubwa, na inafaa kwa mtu aliyekwisha kuziba kwa programu ya kuchora tu. Ni kuigeuza kila kurasa iliyozibwa kuwa picha, kisha kuzikusanya picha hizo kuwa PDF mpya. Picha haina maagizo ya maandishi. Ni nukta za rangi, na mahali penye weusi nukta zote ni nyeusi. Kilichokuwa chini hakikuhamia. Kwenye kompyuta yenye programu za Poppler na img2pdf, kazi hiyo ni mistari miwili:

```
pdftoppm -r 200 -png taarifa-imezibwa.pdf ukurasa
img2pdf ukurasa-*.png -o taarifa-safi.pdf
```

Namba 200 ni wingi wa nukta kwa kila inchi. Kwa ukurasa wa A4 hutoa picha yenye upana wa nukta 1,654 hivi na urefu wa 2,339, inayosomeka vizuri hata kwa tarakimu ndogo za taarifa ya benki. Ikishushwa hadi 100, tarakimu huanza kufifia. Ikipandishwa hadi 400, faili hunenepa bila faida ya maana. Asiye na programu hizo anaweza kuzichapa kurasa kwenye karatasi na kuziskani upya. Matokeo hayatakuwa mazuri sana kwa macho, lakini kwa upande wa usiri ni yaleyale.

Kasoro ya picha ni kwamba mpokeaji hawezi kutafuta neno ndani yake wala kunakili kiasi cha fedha kukipeleka kwenye jedwali, na kipofu anayetumia programu ya kusoma kwa sauti hasikii chochote. Hilo hutibika kwa kupitisha programu ya kutambua maandishi juu ya faili safi, baada ya kuziba. Programu itatambua kile inachokiona, na penye weusi haioni kitu.

Mpangilio huo ukigeuzwa, hatari inarudi kwa njia isiyotarajiwa. Waraka ulioskaniwa kwenye mashine ya kisasa mara nyingi hutoka ukiwa na tabaka mbili: picha ya karatasi, na maandishi yasiyoonekana ambayo mashine iliyatambua na kuyapanga sambamba na picha ili mtu aweze kutafuta. Anayeutazama huamini ni picha tupu, kwa kuwa ni waraka wa skana. Anaziba jina kwenye picha kwa programu ya picha, au anachora mstatili, na jina linabaki kwenye tabaka lisiloonekana. Kinyume chake pia hutokea: chombo hafifu hufuta maandishi yasiyoonekana na kuiacha picha ya jina ikionekana chini ya weusi unaong’oleka. Chombo cha kweli hushughulikia tabaka zote mbili kwa pamoja.

Weusi wenyewe nao unahitaji kukaguliwa. Kalamu ya kuangazia kwenye simu, hata ikiwekwa rangi nyeusi, huwa inapitisha mwanga kidogo, na mtu akiipitisha mara mbili tatu ukurasa huonekana umezibika. Akichukua picha hiyo mtu mwingine na kuongeza mwangaza na utofauti wa rangi kwa programu ya kawaida ya kuhariri, tarakimu hujitokeza. Ni lazima rangi iwe kamili. Kuzitia namba ukungu au kuzivunja kuwa vimiraba vikubwa ni njia mbaya kuliko zote, hata kama inapendeza kwenye televisheni. Tarakimu ni kumi tu. Mwenye nia huandika kila moja kwa fonti ileile, huitia ukungu uleule, na kulinganisha na kinachoonekana mpaka apate zinazofanana.

Hadi hapa habari imekuwa ya ukurasa, lakini faili la PDF lina vitu nje ya ukurasa. Lina sehemu ya maelezo inayohifadhi kichwa cha waraka, jina la aliyeuandaa na programu aliyotumia. Si ajabu kichwa hicho kuwa na jina la mteja au namba ya akaunti, kwa kuwa mfumo wa benki ulijiandikia wenyewe. Linaweza kuwa na mafaili yaliyoambatishwa ndani yake, maoni ya wahariri, sehemu za fomu zilizojazwa, na alamisho, yaani orodha ya vichwa inayotokea upande wa kushoto wa programu ya kusomea. Tarehe 29 Januari 2021 Kamisheni ya Ulaya ilitangaza mkataba wake wa chanjo na kampuni ya AstraZeneca ukiwa umezibwa sehemu nyingi. Kurasa zilikuwa zimezibwa sawasawa. Alamisho hazikuguswa, na wasomaji walioufungua upande huo wakakuta maneno ya baadhi ya vifungu vilivyofichwa.

Acrobat Pro ina agizo la Sanitize Document linaloondoa mabaki haya kwa pamoja, na mtu akishatekeleza hatua ya pili ya kufuta programu yenyewe humuuliza kama anataka taarifa fiche ziondolewe. Jibu liwe ndiyo. Kwa aliyetumia njia ya picha, alamisho na viambatisho vya zamani havikupita kabisa, kwani faili jipya lilijengwa kutokana na picha peke yake. Linabaki jina la faili, ambalo husahaulika kwa urahisi: taarifa safi kabisa ikitumwa ikiitwa kwa namba ya akaunti au jina la mwanachama, kazi yote imeharibika.

Kuna pia historia. PDF inaruhusu mabadiliko kuandikwa mwishoni mwa faili bila kugusa yaliyotangulia, ili kuhifadhi kuwe kwepesi. Programu inayofanya hivyo huacha toleo la zamani la ukurasa ndani ya faili lilelile, halionekani, lakini mwenye ujuzi hulikata faili kwenye mwisho wa toleo hilo na kulirudisha. Hata ExifTool, programu maarufu ya kusafisha maelezo, hufanya kazi kwa namna hii kwenye PDF, na watengenezaji wake wanasema wazi kwamba ufutaji huo unaweza kutenguliwa. Kinga ni kuandika faili upya kuanzia mwanzo. Katika Acrobat ni kuhifadhi kwa Save As kwa jina jipya, na LibreOffice pamoja na img2pdf hutoa faili jipya kila mara.

Ukaguzi ufanyike kwenye faili hasa litakalotumwa, baada ya kulifunga na kulifungua tena, na ikiwezekana kwa programu tofauti na ile iliyotumika kuziba. Hatua ya kwanza ni Ctrl+A, kisha Ctrl+C, kisha kubandika ndani ya Notepad. Kisichotakiwa kutokea hapo ni jina hata moja la orodha ya wanachama. Ikiwa faili ni picha tupu, hakuna kitakachobandikika. Hatua ya pili ni kitafutio: majina yote, kwa maandishi kamili na kwa kipande cha mwanzo, halafu vipande vifupi vya kila namba ya akaunti, kwa kuwa vipande hunasa kile ambacho namba nzima inakikosa. Anayeweza kutumia mstari wa amri hupata jibu la haraka zaidi:

```
pdftotext taarifa-safi.pdf - | grep -i "omar"
pdfinfo taarifa-safi.pdf
```

Amri ya kwanza inayatoa maandishi yote na kuchuja yenye herufi hizo, bila kujali kubwa au ndogo. Isipotoa chochote, ni dalili njema. Ya pili inaonyesha kichwa, mwandishi na programu iliyolitengeneza faili. Kisha kila sehemu nyeusi ijaribiwe kwa kubofya: kama inazungukwa na fremu, inasogea au inafutika, bado ni alama ya maoni na kazi haijaisha. Alamisho na viambatisho vikaguliwe kwa macho, na msimbo wa miraba ujaribiwe kwa kamera ya simu.

Hata faili lililopita majaribio haya yote linaweza kusema zaidi ya lilivyokusudiwa. Upana wa weusi hueleza upana wa jina. Ikiwa mstatili umekatwa kufuata herufi, na mpokeaji anayo orodha ya wanachama, hatachanganya Ali Omari na Abdulrahman Mwinyimkuu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba tatizo ni kubwa kuliko hilo: katika PDF ambamo maandishi yameondolewa kihalali lakini maneno ya jirani yamebaki mahali pake kwa vipimo vilevile, nafasi iliyoachwa wazi hupimika kwa usahihi mkubwa kiasi cha kuweza kuchambua orodha ndefu ya majina na kubakiza machache. Katika jedwali la benki hatari hii ni ndogo, kwa kuwa kila safu huanzia mahali pake bila kutegemea urefu wa jina la jirani. Katibu anatakiwa tu kuziba safu nzima ya maelezo kwa mistatili yenye upana mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Katika barua au hukumu ya mahakama, ambako jina liko katikati ya sentensi, ni salama zaidi kurudi kwenye waraka wa asili, kuandika “mwanachama A” badala ya jina, kisha kutengeneza PDF mpya.

Tarakimu zinazoachwa nazo zihesabiwe. Kwenye kadi za benki zenye tarakimu 16, kuna desturi ya kuonyesha sita za mwanzo na nne za mwisho. Zilizofichwa ni sita, ambazo zina michanganyiko 1,000,000. Lakini tarakimu ya mwisho ya kadi hukokotolewa kutokana na nyingine zote, kwa hiyo anayeifahamu kanuni hiyo hubaki na michanganyiko 100,000 tu ya kujaribu. Kwenye taarifa ya mfano wetu, tarakimu nne za mwisho za akaunti ya chama zinatosha kumwezesha mfadhili kuitambua, na za mwanzo, ambazo katika baadhi ya benki hutaja tawi, hazina sababu ya kubaki.

Kuna bei ya kulipa. Baadhi ya taarifa za benki za siku hizi hutumwa zikiwa na saini ya kidijitali inayothibitisha kwamba hakuna kilichobadilishwa, na kufuta herufi moja huivunja saini hiyo. Mfadhili atakuwa na haki ya kutilia shaka taarifa iliyopita mikononi mwa katibu. Yafaa wakubaliane mapema: mkaguzi wa nje aone faili la asili na aandike barua ya kuthibitisha kwamba kiasi na tarehe havikuguswa, au mfadhili aje kulisoma faili la asili ofisini bila kupewa nakala.

Na kama faili lenye weusi wa juu juu limekwisha kutumwa, lihesabiwe kuwa limesomwa. Kumwomba mpokeaji alifute na kumtumia lingine ni hatua sahihi, ila haifuti nakala zilizokaa kwenye barua pepe, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye simu za watu. Wanachama waliotajwa waambiwe siku hiyohiyo ni taarifa zipi zimetoka, na benki ijulishwe namba za akaunti zilizohusika ili iwe macho na maombi ya kubadilisha namba za simu au nywila. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa hizo amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua, pale uvujaji unapoweza kuwadhuru wahusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ndiyo inayopokea taarifa za uvujaji wa aina hii.